Barua ya wazi kwa bodi za Mtwara na Lindi: mkibadilisha mkaguzi, turuhusuni tumuulize aliyetangulia

Ndugu wenyeviti wa bodi, wakurugenzi na wadhamini,

Nawaandikia kutoka Mtwara mjini, ambako nafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu nikiwa nimesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Wateja wa ofisi ndogo kama yangu mnawajua: wabanguaji wa korosho, shule binafsi, wakandarasi, mashirika yasiyo ya kiserikali yenye miradi Tandahimba, Newala, Ruangwa na Kilwa. Vyama vya ushirika siwagusi humu, maana wao wana utaratibu wao chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na wana shirika lao la ukaguzi, COASCO. Taasisi za umma nazo zina Mkaguzi Mkuu wa Serikali, CAG. Naongea na ninyi ambao mkaguzi mnamteua wenyewe na mnaweza kumbadilisha wenyewe.

Ombi langu ni moja. Siku mnapobadilisha mkaguzi, andikeni barua mbili fupi: moja ya kumruhusu mkaguzi mpya amuulize wa zamani, nyingine ya kumruhusu wa zamani ajibu. Barua hizo hazichukui hata nusu saa kuandika. Lakini kila msimu nakutana na bodi zinazozikataa, zinazozichelewesha, au ambazo hazijawahi kuambiwa kuwa zinahitajika, na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu.

Nitawasimulia kisa kimoja. Kampuni siitaji, na tarakimu pamoja na baadhi ya mambo nimeyageuza ili asitambulike mtu, maana siri ya mteja inanifunga hata kwa yule ambaye sikumkubali. Kiini cha jambo nimekiacha kama kilivyokuwa.

Mwezi Machi alikuja ofisini mkurugenzi wa kampuni ya kubangua korosho. Mwaka wao wa hesabu unaishia 31 Desemba. Alikuwa na hesabu za mwaka zimeshachapishwa na kufungwa vizuri kwa jalada la plastiki, zenye faida ya shilingi 94,000,000 kabla ya kodi. Benki ilikuwa ikizisubiri ili imwongezee mkopo wa kununulia korosho msimu unaofuata, na ritani ya TRA ilitakiwa kabla ya mwisho wa Juni. Akaniambia, "Kaka, yule mzee amechoka. Kazi ya wiki mbili anaifanya miezi mitatu. Wewe pitia hizi, tia saini, ada yako nakulipa leo."

Nikamuuliza kama bodi imekaa ikaamua, na kama mkaguzi wa zamani amepewa barua. Akasema, "Atajua tu."

Ndugu zangu, hapo ndipo pa kuanzia. Katika kampuni, mkaguzi ni wa wanahisa. Huteuliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka ili awaambie wenye mali kama hesabu walizoletewa na wakurugenzi zinaaminika. Mkurugenzi akimwondoa kimyakimya kwa simu na kuleta mwingine, basi anayekaguliwa ndiye amejichagulia wa kumkagua. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja yeyote mpya huwa hilo: nani ameamua, lini, na muhtasari wa kikao uko wapi.

La pili nililomwambia ni kwamba kabla sijasema ndiyo au hapana, lazima nimwandikie yule mzee. Akakasirika. "Kwa hiyo wewe unataka ruhusa ya mtu niliyemfukuza?" Wengi hudhani hivyo, kwamba mkaguzi mpya anakwenda kupiga hodi kwa wa zamani amwachie nafasi, kama fundi anayeomba kibali kwa fundi mwenzake. Ruhusa haitoki kwake. Inatoka kwenu, na ni ruhusa mbili.

Kwa kawaida mteja ndiye wa kuniruhusu mimi niulize, kwa sababu habari kwamba mnafikiria kubadilisha mkaguzi ni siri yenu hadi mtakapoitoa. Na mteja ndiye wa kumruhusu mwenzangu ajibu, kwa sababu yote anayoyajua kuhusu vitabu vyenu ameyajua kwa kuaminiwa nanyi. Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu, ambazo NBAA inazifuata, zinataka kwenye ukaguzi wa hesabu mimi nimuulize aliyetangulia kama kuna jambo lolote ambalo, kwa maoni yake, napaswa kulijua kabla ya kuamua. Yeye, akiruhusiwa na mteja, anatakiwa ajibu kwa ukweli na bila kuficha maana. Asiporuhusiwa, anatakiwa aniambie kwamba hakuruhusiwa. Na mimi natakiwa nikupime huko kukataa kwenu kwa uzito wake.

Mkurugenzi alikubali shingo upande nimwandikie mzee, lakini ya kumruhusu mzee ajibu hakuiandika. Nilituma barua yangu yenye maswali manne. Kwa nini, kwa uelewa wako, mteja anabadilisha mkaguzi? Mlitofautiana juu ya hesabu, juu ya upeo wa kazi yako, au juu ya maoni uliyotaka kutoa? Kuna jambo lolote linalokutia shaka kuhusu uaminifu wa uongozi, au dalili ya kuvunjwa sheria? Na je, kuna ada unayodai, na kwa sababu gani haijalipwa?

Siku ya tatu alinipigia. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, barua yako imefika. Mteja hajaniruhusu kuzungumza nawe. Hilo ndilo ninaloweza kukwambia, na nimekuandikia hivyo hivyo." Akanitakia kazi njema, akakata.

Naomba mwielewe sentensi ile. Mzee hakuvunja siri hata moja, wala hakumsema mtu vibaya. Lakini kwetu wakaguzi "hajaniruhusu" ni jibu lililojaa. Kampuni ambayo haina la kuficha haina sababu ya kumfunga mdomo mtu aliyekaa na vitabu vyake miaka sita. Ndiyo maana nawaambia kwamba mkikatalia ruhusa hamzuii habari kufika. Mnaipeleka ikiwa mbaya kuliko ilivyo, kwa sababu nitabaki kudhani.

Na lipo jambo moja ambalo hata kukataa kwenu hakulizuii. Mkaguzi akijitoa kazini kwa sababu ameona au ameshuku sheria inavunjwa, tuseme risiti za kughushi au fedha zinazopitishwa njia za panya, kisha mkaguzi mtarajiwa akamuuliza, kanuni hizo hizo zinamtaka aeleze ukweli wote wa jambo hilo hata kama mteja hajaruhusu, isipokuwa pale sheria ya nchi inapomkataza.

Kisa chetu hakikufika huko. Mjumbe mmoja wa bodi, mama mwenye hisa zake aliyeona barua imelala mezani, aliuliza kwenye kikao kwa nini mzee asijibu. Hakupewa sababu ya maana. Wiki iliyofuata ruhusa ikaandikwa, na jibu la mzee likaja, ukurasa mmoja na nusu. Ada alikuwa anadai awamu moja. Uchelewaji, alieleza, ulikuwa wa kusubiri maelezo ya ghala. Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe.

Tarehe 31 Desemba mzee alikwenda ghalani kushuhudia hesabu ya korosho ghafi. Vitabu vilisema magunia 3,150. Walihesabu mara mbili wakapata 2,610. Magunia 540 hayakuwepo. Kwa kilo 80 kila gunia hizo ni kilo 43,200, na kwa gharama iliyokuwa vitabuni ya shilingi 2,500 kwa kilo ni shilingi 108,000,000. Ziondoeni kwenye ile faida ya milioni 94 mtaona kilichobaki: hasara ya milioni 14. Hesabu zilizofungwa kwa plastiki zilikuwa bado na magunia 3,150.

Uongozi ulikuwa na maelezo. Ulisema korosho zimekauka ghalani. Kila mtu wa kusini anajua korosho hukauka na kupoteza uzito, kwa hiyo maelezo hayo yanaingia akilini haraka. Lakini yapimeni. Magunia 3,150 ni kilo 252,000. Hata tukisema zimepoteza asilimia 3 ya uzito, hizo ni kilo 7,560, sawa na uzito wa magunia 94 au 95. Halafu kuna jambo ambalo mzee aliliandika kwa kalamu ya wino chini ya barua, pembeni ya saini yake: korosho ikikauka gunia huwa jepesi, halipotei. Kama ni kukauka, angekuta magunia 3,150 mepesi. Alikuta magunia pungufu.

Alipendekeza marekebisho, wakakataa. Akasema basi ripoti yake itakuwa na hati yenye shaka kwa sababu ya mzigo wa ghalani, au mbaya zaidi. Wiki mbili baadaye mkurugenzi alikuwa kwenye kiti cha ofisini kwangu akiniambia mzee amechoka.

Fikirini sasa ningekuwa nimetia saini bila kuuliza. Nisingekuwepo ghalani Desemba. Kufikia Machi magunia yale yameshapita kwenye mashine, kuna kokwa, kuna maganda, kuna mzigo ulioshauzwa. Ningepewa karatasi za hesabu ya ghala zilizoandikwa upya, zenye 3,150, na ningekuwa na nini cha kuzipinga? Na kosa lingejipenyeza mbele. Mzigo wa kufungia mwaka huu ndio wa kufungulia mwaka ujao. Milioni 108 za korosho ambazo hazipo zingeingia kwenye gharama za mauzo ya mwaka unaofuata na kuila faida ya mwaka huo, na wanahisa wangeambiwa biashara imekuwa mbaya, bei imeanguka, hali ni ngumu. Meneja wa ghala angekuwa na miezi 12 zaidi ya kuendelea.

Hii ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 510, kinamtaka mkaguzi wa mwaka wa kwanza apate ushahidi wa kutosha juu ya salio za kufungulia. Kusoma ripoti ya mwenzake tu hakutoshi. Mara nyingi njia rahisi ni kukaa na karatasi za kazi za mkaguzi aliyetangulia. Karatasi hizo ni mali yake, si mali ya mteja, na kwa kawaida atanionesha mkimruhusu. Tukikatazwa, kazi ile ile naifanya kwa njia ndefu na ada inapanda, au naishia kuandika kwenye ripoti kwamba salio la kufungulia sikuweza kulithibitisha. Mtakuwa mmenunua hati yenye shaka kwa fedha yenu wenyewe.

Mtauliza kama jibu la mzee lilinifanya nikatae papo hapo. Hapana. Wakaguzi hutofautiana na uongozi, na si kila mara mkaguzi ndiye mwenye haki. Kazi ya kubangua ina ujanja wake na inawezekana mtu asiyeijua akaona wizi mahali penye mchakato. Kwa hiyo nilijiuliza kama kazi naiweza. Ninao watu wawili, mmoja amekaa kwenye hesabu za viwanda vya korosho miaka minne. Nilijiuliza kama niko huru: hakuna ndugu kwenye uongozi, sina hisa, sikuwahi kuwaandikia vitabu. Nilijiuliza kama muda unatosha kabla ya Juni, na ulitosha kama tungeanza Aprili mwanzoni.

Kisha nikaweka njia ya kuhesabu magunia ambayo hayapo tena. Korosho haziwezi kuhesabiwa kinyumenyume, lakini karatasi zinaweza. Nilitaka mambo matatu: leja ya ghala ya Novemba hadi Machi, vibali vya kutolea mzigo getini kwa kipindi hicho, na daftari la kila siku la kubangua. Kutoka kilo nne au tano za korosho ghafi hupatikana takriban kilo moja ya kokwa, na kiwanda kinachojiheshimu kinajua uwiano wake hadi pointi. Kama magunia 540 yaliingia mashineni, kokwa zake zimeandikwa mahali. Kama yalitoka getini, kuna lori na kuna kibali. Kama havipo vyote viwili, mzee alikuwa sahihi.

Mkurugenzi alijibu kwa barua kwamba vibali vya getini ni "nyaraka za ndani za ulinzi" na havihusiani na ukaguzi.

Hapo nikakataa. Mkaguzi kabla ya kukubali kazi anatakiwa ahakikishe uongozi unakubali mambo ya msingi: kwamba kutayarisha hesabu ni jukumu lao, udhibiti wa ndani ni jukumu lao, na kwamba watampa mkaguzi kila taarifa anayoihitaji na kumwachia mtu yeyote wa kumuuliza. Uongozi ukiweka kizuizi mapema ambacho mkaguzi anaona kitamfanya ashindwe kutoa maoni, haitakiwi aipokee kazi hiyo, isipokuwa pale sheria inapomlazimisha. Niliwaandikia bodi nzima, si mkurugenzi peke yake, ukurasa mmoja: sikubali uteuzi, na sababu ni hii. Ada niliyokuwa nimeletewa kwenye bahasha nilishairudisha siku ya kwanza.

Jambo la kujiuzulu nalo nilisemee, maana linakwenda pamoja na hili. Wapo wenzangu wanaoona mambo kama aliyoyaona mzee, wakachoka kugombana, wakaandika barua ya mistari miwili: "Najiuzulu kutokana na majukumu mengine." Mnaipokea, mnashukuru, mnaweka kwenye faili. Naelewa kwa nini wanaandika hivyo, mji ni mdogo na kila mtu anamjua kila mtu. Lakini nawaomba ninyi wa bodi msiipokee hivyo. Mkaguzi akijiuzulu katikati ya kazi, mwiteni akae na bodi bila mkurugenzi mtendaji chumbani, mumuulize kwa kinywa: ulitofautiana na nani, juu ya nini, na kiasi gani? Kisha barua yake na majibu yake viwafikie wanahisa kwenye mkutano mkuu kabla hawajapiga kura ya kumteua mwingine. Mwenye shamba hawezi kuambiwa mlinzi ameacha kazi bila kuambiwa kwamba aliondoka usiku uleule magunia yalipopungua.

Juu ya deni la ada, neno moja. Mara nyingi bodi husema mkaguzi wa zamani "anatukomoa" kwa sababu anadai. Inawezekana. Deni peke yake halinifanyi nikatae mteja, biashara hupitia vipindi vigumu na msimu wa korosho unajulikana, fedha huingia kwa mkupuo. Ninachotaka kujua ni sababu. Kampuni iliyokosa fedha na kampuni iliyozuia malipo hadi mkaguzi alegeze ripoti yake ni vitu viwili mbali kabisa, na anayeweza kunieleza tofauti ni yule anayedai. Kwa upande wetu pia, mwenzangu unayedai usilifanye deni kuwa kisingizio cha kukalia jibu. Andika unachodai, kisha jibu ulichoulizwa.

Na tafadhali, msilete mabadiliko haya mwezi Machi. Mkishaona mkaguzi hawafai, na sababu halali zipo, ada imepanda, huduma imezorota, mmekua na mnahitaji ofisi kubwa zaidi, amueni kabla ya mwaka wa hesabu kwisha. Mkaguzi mpya akiwepo Oktoba minada inapoanza, atapanga kazi yake, na 31 Desemba atakuwa ghalani na kalamu yake pamoja na mtunza ghala wenu. Kumleta baada ya magunia kuondoka ni kumwomba ashuhudie arusi iliyokwisha.

Ili msipate sababu ya kuchelewa, haya hapa maneno ya zile barua mbili. Yachukueni yalivyo, yawekeni kwenye karatasi yenye nembo yenu, asaini mwenyekiti wa bodi.

Ya kwanza, kwa mkaguzi mtarajiwa: "Bodi katika kikao chake cha tarehe ____ imekusudia kupendekeza uteuzi wako kuwa mkaguzi wa hesabu zetu za mwaka unaoishia ____. Tunakuruhusu kuwasiliana na mkaguzi wetu wa sasa na kumuuliza jambo lolote unaloona linahusu uamuzi wako wa kukubali au kukataa."

Ya pili, kwa mkaguzi anayeondoka: "Tunakuruhusu kumjibu mkaguzi mtarajiwa kikamilifu, kwa maandishi na kwa mdomo, yakiwemo mambo ambayo hatukukubaliana, na kumwonesha karatasi zako za kazi za mwaka uliopita kwa masharti mtakayokubaliana. Nakala ya jibu lako itumwe kwa mwenyekiti wa bodi."

Sentensi ile ya mwisho, ya nakala kwa mwenyekiti, msiifute. Yule mama mwenye hisa aliniambia baadaye kwamba jibu la mzee ndiyo mara ya kwanza bodi kusikia habari ya magunia 540. Mzee alikuwa amempa mkurugenzi barua mbili kuhusu jambo hilo tangu Januari, na zote mbili hazikuwahi kufika kwenye kikao.

Wenu katika kazi,

Mkaguzi wa hesabu,
Mtwara